Wastani wa Siku Ngapi? Kuulizia Lengo bila Kumhoji Aliyeagiza

Kazi yangu ni kuwaandalia watu namba. Mtu anaandika ujumbe mfupi akitaka jumla fulani, orodha fulani au wastani fulani, nami nafungua jedwali la Excel, nafanya hesabu na kumrudishia. Kwa maelezo hayo kazi inaonekana haina utata, na mara nyingi kweli haina. Ugumu huanza pale ombi linapokuwa wazi kabisa, kila neno likiwa mahali pake, na bado ukilitimiza kama lilivyo aliyeomba hatapata alichokuwa anakitafuta. Ombi lisiloeleweka halina hatari kubwa, kwa sababu kila mtu anaona kwamba ni lazima uulize. Lililo wazi ndilo hupita bila kuulizwa.

Nitachukua ombi moja na kukaa nalo, maana jambo hili likizungumzwa kwa ujumla hugeuka haraka kuwa mawaidha. Mkuu wa kitengo cha huduma kwa wateja aliniandikia hivi: "Habari za kazi. Naomba wastani wa siku tunazotumia kushughulikia malalamiko. Nauhitaji kabla ya saa nane mchana." Jedwali lilikuwepo tayari: kila lalamiko lina mstari wake, tarehe ya kupokelewa iko safu ya kwanza, tarehe ya kufungwa safu ya pili, na safu ya tatu inatoa idadi ya siku kati ya tarehe hizo mbili. Ili hesabu ionekane kwa macho, nitalipunguza hapa hadi malalamiko kumi yaliyofungwa, yaliyochukua siku 1, 1, 2, 2, 2, 3, 3, 3, 4 na 59.

Aliyeomba wastani anaweza kupewa wastani kwa sekunde chache, na akitaka namba ya katikati nayo iko karibu vilevile:

```
=AVERAGE(C2:C11)
=MEDIAN(C2:C11)
```

Fomula ya kwanza inatoa 8, kwa sababu jumla ya siku zote ni 80 na malalamiko ni kumi. Ya pili inatoa 2.5, yaani nusu ya njia kati ya lalamiko la tano na la sita ukiyapanga kuanzia dogo hadi kubwa. Angalia ile 8 kwa makini. Hakuna lalamiko hata moja lililochukua siku nane, wala saba, wala tisa. Tisa yalikwisha ndani ya siku nne, na moja likakaa karibu miezi miwili likisubiri hati kutoka kwa mteja mwenyewe. Lile la siku 59 si kosa la uandishi ambalo ningeweza kulifuta kwa amani ya moyo. Ni lalamiko halisi, lenye tarehe sahihi, na ndilo linaloivuta namba nzima kuelekea kwake.

Hapo ndipo wengi wetu tunaofanya kazi hii tunapoponyokwa na uvumilivu. Tunaona kwamba wastani "haufai", tunachukua namba ya katikati tunayoiamini zaidi, na tunamtumia mkuu 2.5 pamoja na somo fupi la takwimu ambalo hakuliomba. Ninalikataa jambo hilo, na sababu yangu haihusu adabu peke yake. Ni kwamba kutoka ndani ya jedwali huwezi kujua ni namba ipi inayofaa. Ombi lile lile, kwa maneno yale yale, linaweza kuwa limetokana na malengo matatu tofauti, na kila lengo lina jibu lake.

Huenda mkuu anataka kuandika tangazo la mapokezi linalowaambia wateja wasubiri kwa muda gani. Kwa lengo hilo wastani wa siku 8 utamtisha mteja ambaye huenda angehudumiwa ndani ya siku tatu, na namba ya katikati ya siku 2.5 itamdanganya kwa upande mwingine, kwa kuwa nusu ya wateja watapita muda huo wakiwa bado wanasubiri. Anachohitaji ni kauli ya aina nyingine kabisa: wateja wangapi kati ya kumi humalizana nasi ndani ya siku ngapi.

Huenda, kwa upande mwingine, anataka kujua kama wafanyakazi alionao wanatosha. Hapa ule wastani tuliotaka kuudharau ndio hasa unaohitajika. Kuna kanuni inayojulikana sana kwa watu wanaochunguza foleni, ambayo John Little aliithibitisha kihesabu mwaka 1961: idadi ya vitu vilivyomo ndani ya mfumo kwa wastani ni sawa na kasi ya kuingia kwake ikizidishwa na muda ambao kila kimoja hukaa kwa wastani. Malalamiko yakiingia kumi kwa kila siku 30, na kila moja likikaa siku 8 kwa wastani, basi siku ya kawaida utakuta mafaili takriban 2.7 yakiwa wazi. Ukiweka 2.5 mahali pa 8 utapata chini ya faili moja, na utashangaa kwa nini meza haiishi kujaa. Lile faili la siku 59 linakaa mezani siku zote hizo, linapigiwa simu, linaulizwa, na kanuni hii inalihesabu lote kama linavyostahili.

Na huenda hataki kuamua chochote. Ripoti ya mwaka uliopita ina mstari usemao "wastani wa siku za kushughulikia malalamiko", na yeye anajaza mstari huo kwa mwaka huu. Kwa lengo hilo jibu sahihi ni wastani, uliokokotolewa kwa njia ile ile ya mwaka uliopita, hata kama mimi nina maoni yangu kuhusu njia hiyo. Ukimpa namba bora zaidi iliyokokotolewa kwa njia tofauti, umeharibu ulinganisho wote, na atakayesoma ripoti ataona huduma imeboreka ghafla bila mtu yeyote kuinua mkono.

Kwa nini basi mkuu hakusema tu anachotaka? Swali hili huulizwa kwa kulaumu, kana kwamba aliyeomba alikuwa mvivu wa kueleza. Wakutubi walilitafakari kabla yetu, kwa sababu wao hupokea maombi ya namna hii mchana kutwa. Mwaka 1968 Robert Taylor alieleza ngazi nne ambazo haja ya mtu hupitia kabla ya kufika kwenye meza ya mkutubi. Kwanza ni haja isiyo na maneno, ile hali ya kuhisi kwamba kuna jambo hulijui. Kisha mtu anaifikiria kichwani mwake, bado ikiwa na ukungu. Kisha anaiweka katika maneno kamili. Na mwisho anaigeuza iendane na kile anachodhani maktaba inaweza kumpa, na hiyo ngazi ya nne ndiyo pekee ambayo mkutubi anaisikia.

Ngazi hiyo ya mwisho imenisaidia zaidi ya maelezo mengine yote niliyowahi kukutana nayo. Mkuu wangu alipoandika "wastani" hakuwa anaficha lengo lake. Alikuwa amekwisha kufanya sehemu ya kazi yangu kwa niaba yangu: alijiuliza mtu wa namba hutoa vitu gani, akakumbuka wastani, akaomba wastani. Ilikuwa heshima kwa muda wangu. Ombi lake lilikuwa na vitu viwili vilivyoshonwa pamoja, yaani lengo analolijua yeye vizuri kuliko mtu yeyote, na makisio kuhusu njia ya kulifikia, ambayo huenda mimi nayajua vizuri kuliko yeye. Kuuliza kwa upole ni kuufumua mshono huo bila kumfanya ajione alikosea kushona.

Kabla ya kuuliza ni lazima uwe na sababu. Mtu anayeulizia lengo la kila ombi huchosha, na baada ya muda watu hupita mlango wake na kwenda kwa mwingine. Dalili ninayoitegemea mimi ni hii: nafanya kazi niliyoombwa hadi mwisho, kisha najiweka katika nafasi ya mtu aliyepokea jibu na kujaribu kuchukua hatua moja mbele. Jibu likiniwezesha kuichukua, bila kujali ni hatua ipi kati ya zile zinazowezekana, hakuna haja ya swali. Kama malalamiko yote kumi yangechukua kati ya siku mbili na nne, wastani na namba ya katikati zingekuwa karibu sawa, tangazo na ripoti na mpango wa wafanyakazi vyote vingetumia namba ile ile, na swali langu lingekuwa udadisi mtupu. Swali linastahili kuulizwa pale tu malengo tofauti yanapodai majibu tofauti. Hapa yalidai hivyo, na tofauti kati ya 8 na 2.5 ilitosha kunionyesha.

Sasa maneno yenyewe. Swali linalokuja haraka mdomoni ni "Kwa nini unataka wastani?" na nimeona likiharibu mazungumzo mazuri. Limeundwa kana kwamba ombi limeshtakiwa na sasa linatakiwa kujitetea. Anayeulizwa hujibu kwa kuutetea wastani, jambo ambalo halikuwa na ubishi, na lengo linabaki limefichwa pale pale lilipokuwa. Swali la "Unamaanisha wastani wa aina gani?" si kali, lakini lina kasoro nyingine: linamrudishia mtu mzigo wa utaalamu aliokuja kuutua kwako. Kama angejua aina za wastani na matumizi ya kila mmoja, asingekuandikia.

Mwaka 1986 Brenda Dervin na Patricia Dewdney waliwapendekezea wakutubi maswali waliyoyaita yasiyoegemea upande, yanayogusa mambo matatu: hali aliyonayo mtu, pengo linalomkwamisha, na matumizi anayotarajia kuyafanya na jibu. Katika kazi yangu nimeona kwamba la matumizi karibu kila mara linatosha. Linaangalia mbele. Halimuulizi mtu alifikaje kwenye ombi lake. Linamuuliza jibu litakwenda wapi likitoka mikononi mwangu, na hilo ni jambo ambalo anaweza kulijibu kwa maneno matano bila kujieleza.

Hiki ndicho nilichomwandikia: "Mkuu, wastani ni siku 8, nimeuambatisha. Katika kuhesabu nimeona kwamba malalamiko tisa kati ya kumi yalifungwa ndani ya siku 4, na moja lilichukua siku 59. Nimehesabu siku zote za kalenda, pamoja na mwisho wa wiki. Namba hii itasomwa na nani, ili niiandike kwa namna itakayomfaa?"

Mpangilio wa ujumbe huo ni wa makusudi. Alichoomba kimetangulia. Akiusoma akiwa mlangoni kuingia mkutanini ana namba yake, na hana sababu ya kuhisi kwamba nimeikalia mpaka ajibu mtihani wangu. Pili, nilichokiona nimekitaja kama kitu kilichopo kwenye jedwali, bila kusema kama wastani unafaa au haufai. Hukumu hiyo nimemwachia, na ukweli ni kwamba ni yake, kwa kuwa lengo ni lake. Suala la siku za kalenda nimelitamka tu bila kuuliza. Lilikuwa na jibu la kawaida ambalo mtu wa busara angelichagua, na kwa dhana ya namna hiyo inatosha kuitangaza ili anayeipinga apate nafasi ya kusema. Maswali mawili katika ujumbe mmoja hupunguza uwezekano wa kujibiwa hata moja, basi swali langu moja nililihifadhi kwa jambo ambalo sikuweza kulikisia. Na swali lenyewe limebeba sababu yake mkiani, kwa sababu mtu akiulizwa bila kuambiwa kwa nini hujaza sababu yake mwenyewe, na mara nyingi hujaza mbaya.

Alijibu baada ya muda mfupi: "Ni ya tangazo la mapokezi. Wateja wanauliza wasubiri hadi lini."

Jibu la namna hiyo hufanya zaidi ya kuchagua kati ya namba mbili. Lilinirudisha kwenye jedwali kutafuta kitu ambacho ombi la awali halikunipa sababu ya kukitazama. Mteja anayesoma tangazo yuko upande wa wanaosubiri, na jedwali langu la kumi lilikuwa na waliokwisha kusubiri tu. Nilichuja mistari yenye tarehe ya kupokelewa lakini isiyo na tarehe ya kufungwa, nikakuta malalamiko matatu yaliyo wazi: moja lina siku 2, moja lina siku 5, na moja lina siku 40. Fomula ya wastani iliyapita bila kusema neno, kwa kuwa safu ya siku ilikuwa tupu kwenye mistari hiyo, na seli tupu haihesabiwi.

Ukiyaingiza, ile kauli ya "tisa kati ya kumi ndani ya siku nne" haisimami tena. Malalamiko yote yaliyopokelewa ni kumi na matatu. Lile la siku 2 bado halijafikia siku nne, hivyo hatuwezi kusema litaangukia upande gani, na linawekwa kando. Yanabaki kumi na mawili. Tisa yalifungwa ndani ya siku nne. Matatu yalipita muda huo, yaani lile la siku 59 na hayo mawili ambayo bado yako wazi. Tisa kati ya kumi na mawili ni robo tatu. Mteja mmoja kati ya wanne atarudi siku ya tano akiwa na tangazo kichwani na hasira mkononi, na tangazo linalosema tisa kati ya kumi lingekuwa limemwahidi kitu ambacho kitengo hakikiwezi.

Kosa hili la kuwahesabu waliomaliza tu ni la kawaida sana katika takwimu za muda wa kusubiri, na kwa kawaida huelekea upande mmoja: huifanya huduma ionekane ya haraka kuliko ilivyo, kwa sababu mafaili magumu ndiyo hukaa wazi. Hata wastani wa siku 8 nao, kwa hiyo, ulikuwa mdogo kuliko stahili yake. Lakini nisingeligundua kwa kukaa nikiulinganisha wastani na namba ya katikati. Nililigundua kwa sababu nilijua msomaji ni mteja anayesubiri. Namba hizo nilimpelekea mkuu pamoja na sentensi moja anayoweza kuibandika: "Malalamiko matatu kati ya manne hushughulikiwa ndani ya siku nne, yanayohitaji hati za ziada huchukua muda mrefu zaidi." Sehemu ya pili ya sentensi hiyo nilimwomba aithibitishe yeye, maana sababu za yale mawili yaliyo wazi anazijua yeye, jedwali halizisemi.

Je, kama asingejibu kabla ya saa nane? Ningemwachia kile alichokiomba mahali pale pale alipokiomba, na ile taarifa ya tisa kati ya kumi ikiwa mstari mmoja chini yake. Kamwe nisingeweka 2.5 mahali pa 8. Kuna watu wanaolichukua wazo la "lengo halisi" kama leseni ya kufanya wanachopenda, wakiamini wamemwelewa mtu kuliko anavyojielewa, na kwa maoni yangu hao wana madhara kuliko wale wanaotii kila neno. Anayetii neno kwa neno hukupa kitu ambacho angalau unakitambua. Anayebadilisha kimyakimya hukuachia namba yenye jina lile lile na maana nyingine, na utaijua siku utakapoulizwa mbele za watu imetoka wapi.

Kuna maombi ambayo mpangilio wa kutanguliza jibu hauwezekani kwa sababu kulitimiza ombi ndiko kunakoharibu. Mfano ninaokutana nao mara kwa mara ni "futa mistari iliyojirudia". Mtu ana orodha ya wateja, anaona namba ya simu moja imetokea mara tatu, na anataka kila namba ibaki mara moja. Excel inafanya hivyo kwa kitufe kimoja: inabakiza mstari wa kwanza inaoukuta na kuifuta mingine. Lakini namba moja kutokea mara tatu kunaweza kuwa ni mtu mmoja aliyeandikwa mara tatu, au watu watatu wa nyumba moja wanaotumia simu moja, kila mmoja na akaunti yake. Kama lengo ni kutuma ujumbe mfupi usimfikie mtu mara tatu, kufuta kwa namba ya simu ni sawa kwa orodha ya kutumia ujumbe. Kwa daftari la wateja ni maafa, kwani watu wawili wametoweka bila mtu kujua walikuwepo.

Hapa nauliza kwanza, na siulizi kwa maneno ya jumla. Swali kama "Tunafafanuaje kujirudia?" humfanya mtu afumbe macho na kubuni ufafanuzi. Ninanakili mistari mitatu halisi kutoka kwenye orodha yake, yenye simu moja na majina matatu tofauti, na kuandika: "Hawa watatu wana simu moja. Abaki mmoja, au wabaki wote na ujumbe uende mara moja?" Mara nyingi jibu huja papo hapo, na huja likiwa na lengo ndani yake: "Wabaki wote, hao ni familia, mimi nataka tu wasipigiwe kelele za ujumbe." Kipande kidogo cha matokeo kikiwekwa mbele ya macho humwezesha mtu kutambua anachokitaka hata kama asingeweza kukieleza. Nakala ya faili la awali naiweka pembeni kwa vyovyote vile, kwa sababu jibu la papo hapo nalo linaweza kubadilika kesho.

Cheo kati ya watu wawili kinabadilisha uzito wa swali, na si kwa upande ambao wengi wanaufikiria. Kumuuliza mkubwa matumizi ya namba kunaonekana ni ujasiri, lakini ukiliweka swali kama kuomba mwongozo, mkubwa huwa analipokea vizuri. Amezoea kutoa mwongozo. Hatari kubwa iko chini. Mwanafunzi wa mafunzo kazini akija kuniomba orodha fulani nami nikamuuliza itatumikaje, yeye husikia kwamba ombi lake limeonekana la kipuuzi, na hujibu haraka, "Basi, usijali, nitaangalia mwenyewe." Ombi limekufa, na lengo lake sitalijua tena. Kwa mtu wa namna hiyo ninampa alichoomba kwanza, chote, ndipo nasema kama jambo la pembeni: "Ukiona haikutoshi kwa unachokifanya, niambie unachokifanya, huenda nina nyingine." Swali limegeuka kuwa mlango ulioachwa wazi, naye ataupita akiwa tayari.

Kuna wakati pia ambapo upole si chombo sahihi. Mkuu angejibu kwamba anajua kuhusu yale matatu yaliyo wazi na bado anataka tangazo liseme tisa kati ya kumi, hapo hatuna tena tofauti kati ya ombi na lengo. Viko pamoja, na lengo ndilo lenye tatizo. Kuendelea kuuliza maswali laini katika hali hiyo ni njia ya kukwepa kusema. Inapasa kutamka waziwazi kwamba kauli hiyo haiungwi mkono na jedwali, mara moja, kwa heshima, na kwa maandishi. Vivyo hivyo, mtu akisema "Nakuelewa, lakini nifanyie kama nilivyosema" kuhusu jambo lisilomdhuru mwingine, swali limekwisha. Anaweza kuwa na sababu asiyoruhusiwa kuitoa, na hana wajibu wa kunitolea.

Aina ya mwisho ni ombi lililopita mikononi mwa watu wengine kabla ya kunifikia, na hili ndilo ninalolishuku kuliko yote. Mkurugenzi anamwambia mkuu, mkuu anamwambia msaidizi, msaidizi ananiandikia, na kila mmoja amelitafsiri kidogo kulingana na anachodhani anayefuata anaweza kufanya, kwa hiyo ile ngazi ya nne ya Taylor imejirudia mara tatu. Kumuuliza msaidizi kuhusu matumizi hakusaidii, kwa kuwa atakisia kwa nia njema na makisio yake yatanifikia yakiwa na sura ya jibu. Ninachomwomba ni kitu chepesi zaidi kwake: anipelekee ule ujumbe wa kwanza kama ulivyoandikwa, bila kuufupisha. Mara nyingi lengo limo humo kwa maneno ya kawaida kabisa, katika sentensi ambayo watu wawili waliiona haina maana na kuiacha nje.